Paka jike wa Mwanza asisubiri joto la kwanza

Wenye paka ninaozungumza nao hapa Mwanza, wengi hawapingi paka jike kufungwa kizazi. Wanachobishania ni lini. Utasikia, "Mwache kwanza azae japo mara moja, atulie." Mwingine atasema asubiri joto la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kutaka dume, ndipo ampeleke kwa daktari wa mifugo. Mimi nasema apelekwe akiwa na miezi minne hadi mitano, kabla hajaanza kulia usiku, na kwa sisi wa kando ya Ziwa kuna sababu ambayo wenzetu wa nchi za mbali hawana.

Joto la paka linaongozwa na mwanga. Siku zikiwa ndefu, mwili wake unaamka; zikiwa fupi, unalala. Ndiyo maana huko Ulaya majike wengi hupumzika miezi ya mwisho wa mwaka, giza linapotawala. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 Januari, na ni kama saa 12 Julai. Kwa hiyo paka wa Kirumba hana likizo. Joto linakaa kama wiki moja, asipopandwa linaondoka na kurudi baada ya wiki mbili tatu, na hivyo hivyo mwaka mzima. Akipandwa, mimba ni siku 63 hadi 65. Halafu anaweza kubeba nyingine wakati watoto bado wananyonya, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione.

Sasa chukua paka wa jirani yangu, dada mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Jike lenye mabaka, limezaliwa stoo kati ya magunia, limenenepa kwa dagaa wanaomwagika. Lilipofika miezi mitano lilikuwa na kilo mbili na kidogo. Shangazi yake alishauri lizae kwanza. Tukapiga hesabu pamoja: likipandwa leo, litazaa likiwa na miezi saba, nalo bado linakua. Na kuzaa hakumtulizi paka. Kinachomtuliza ni kuondolewa vifuko vya mayai. Zaidi ya hapo, jike aliyefungwa kizazi kabla ya miezi sita hatari yake ya saratani ya matiti inapungua kwa takriban asilimia 90, na akishavuka mwaka faida hiyo inakuwa karibu imekwisha. Uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni saratani kweli, si uvimbe wa kawaida, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Jirani akawa amekubali. Kama joto lingekuwa limeshaanza, madaktari wengi wangependa lipite kwanza, kwa sababu mishipa ya kizazi inajaa damu na upasuaji unakuwa na hatari zaidi. Aliyezaa naye husubiri watoto waache kunyonya na maziwa yakauke.

Kuhusu njaa kabla ya upasuaji, watu huzidisha. Paka mkubwa huacha kula usiku, lakini mtoto wa miezi minne mitano akishinda njaa tangu jana yake jioni, sukari yake inashuka. Saa nne hadi sita bila chakula zinamtosha, na maji aachiwe mpaka asubuhi. Daktari atakayekupa muda mwingine mfuate yeye, maana ndiye anayejua dawa ya usingizi atakayotumia.

Upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi. Mkato ni wa sentimeta mbili tatu, chini ya kitovu au ubavuni. Kwa paka wa sokoni, ambaye hashikiki, napenda wa ubavuni: kidonda unakiona ukiwa umesimama mbali na bakuli lake.

Kazi ngumu inaanza nyumbani. Jioni ya kwanza atayumba kama mlevi, na macho yanaweza kubaki wazi huku hajitambui sawasawa. Mweke kwenye boksi chini sakafuni, si juu ya kitanda wala kabati, mahali penye joto na giza kidogo. Upepo wa usiku unaotoka ziwani humpoza haraka paka ambaye dawa haijamtoka. Mpe chakula kidogo, kama robo ya kawaida yake, akishasimama vizuri. Asubuhi inayofuata anatakiwa awe anakula.

Mfunue mdomo uangalie fizi. Zikiwa za waridi, yuko salama. Zikiwa nyeupe, mwili umepoa na tumbo linajaa, anavuja damu ndani, na hapo usisubiri kupambazuke. Unampigia daktari saa hiyo hiyo.

Na hapa ndipo jirani yangu karibu aharibu kila kitu. Siku ya pili paka alikuwa amejikunyata, akamhurumia, akavunja nusu ya kidonge cha panadoli. Bahati nzuri aliuliza kabla. Panadoli ni sumu kwa paka, na hicho kipande cha kidonge kinatosha kumuua: ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu nazo usiguse. Ukimuona anaumwa, omba dawa ya maumivu ya paka kwa aliyempasua, na ni bora uiombe kabla hamjaondoka kliniki.

Kidonda chenyewe hakihitaji kitu. Usipake spiriti, majivu, wala ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kwenye maji. Atailamba, na aina hiyo humdhuru paka. Usimwogeshe. Kitazame asubuhi na jioni. Ukikuta kivimbe kigumu cha ukubwa wa punje ya maharage, kikavu, kisichouma, mara nyingi ni mwili unapambana na uzi, na kitaisha. Kivimbe laini kinachokua au kinachorudi ndani ukikibonyeza ni kingine: nyuzi za ndani zimeachia. Usaha, harufu au kidonda kilichofunguka, rudi kliniki. Kuhusu kulamba, kola ya plastiki ndiyo bora, ila mkono wa fulana kuukuu ya mtoto, uliotobolewa matundu ya miguu, ulimsaidia huyu. Afungiwe ndani siku 10 hadi 14, mpaka nyuzi zitolewe. Anaporuka juu ya magunia siku ya nne akijiona mzima ndipo nyuzi zinapokatika.

Kuhusu tabia, watu wa Mwaloni wana hofu moja tu: ataacha kukamata panya? Haachi. Uwindaji hautoki kwenye kizazi. Kinachoondoka ni kulia usiku, kujigaragaza, kuinua kiuno na foleni ya madume mlangoni. Akionyesha dalili hizo tena baada ya miezi, si tabia; huenda kipande cha kifuko cha mayai kilibaki, na daktari anatakiwa kumfungua tena. Madume nao wakihasiwa, wengi huacha kunyunyizia mkojo ukutani, ila wapewe wiki kadhaa, kwani kwa muda huo bado wanaweza hata kutia mimba.

Kinachobadilika kweli ni tumbo. Mahitaji ya chakula yanashuka kwa karibu robo huku hamu ikipanda, na pale stoo dagaa hawaishi. Kwa hiyo bakuli la jioni jirani yangu amelipunguza, na yale yanayomwagika kwenye magunia anayafagia kabla paka hajafika.