Mashine ya boti na hatia ya zamani

Wanafunzi wa sheria ninaowasaidia hapa Malindi kujiandaa na mtihani wa ushahidi wana pupa na mizani. Wakisoma tu kwamba mshtakiwa aliwahi kutiwa hatiani, wanaanza kupima: ushahidi huo una nguvu kiasi gani, na utamchukiza hakimu kiasi gani. Wanapima kabla hawajajua hatia hiyo inaletwa kuthibitisha nini.

Juzi niliwatungia swali. Kombo, fundi wa mashine za boti, anashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Mashine ya mvuvi imekutwa kwenye karakana yake, namba zimefutwa kwa msasa. Miaka miwili nyuma alitiwa hatiani kwa kupokea mashine nyingine, nayo imefutwa namba, kutoka kwa muuzaji huyo huyo. Je, hatia hiyo iingie?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaanza kwa kukataza, kisha kinafungua milango michache. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: Kombo anajitetea vipi? Akisema, "Nilinunua, sikujua ni ya wizi," ubishi uko kwenye kujua kwake, na vifungu vya 14 na 15 vinaruhusu hatia ile. Mtu aliyehukumiwa kwa bidhaa ya muuzaji huyo, akaona tena namba zimefutwa, atadaije kwamba hakushtuka?

Lakini akisema, "Mashine hiyo haikukutwa kwangu kabisa," hatia ya zamani haituambii mashine ilikutwa wapi. Inabaki kusema kwamba Kombo ni mtu wa aina hiyo. Kesi ya Makin ya mwaka 1894 ilikataa njia hiyo ya kufikiri, ingawa hapo hapo iliruhusu ushahidi wa matendo mengine pale unapobomoa utetezi wa ajali. Na kwetu hatuna baraza la wazee wa mahakama la kutolewa nje wakati mawakili wanabishana. Hakimu anayesikia ndiye anayeamua, ajitahidi kusahau.

Wanapopotea zaidi ni kwenye mlango wa kashfa. Wakili wa Kombo akimwambia askari anayetoa ushahidi kwamba aliikuta mashine, "Si kweli, hukuikuta kwake," huko ni kukanusha tu. Akimwambia, "Uliomba hongo ukanyimwa, ukaileta mashine mwenyewe," ameshambulia tabia ya shahidi, na aya ya (c) ya kifungu cha 57 inafunguka. Hapo sharti la kifungu hicho linampa hakimu hiari ya kuzuia hatia isitajwe, ila mizani yake ni nyingine: anapima madhara kwa mshtakiwa dhidi ya doa alilopakwa shahidi, na kama tofauti ni kubwa kiasi cha kuharibu haki ya kesi. Nguvu ya hatia kuthibitisha kosa haimo kwenye maneno ya sharti hilo. Anayejaza ukurasa mzima juu ya nguvu hiyo, halafu akamsahau askari, mimi nampa nusu ya alama.