Jumla Imelingana, Lakini Pesa Ziko kwa Mwenyewe?

"Mimi ni karani wa kikundi cha maziwa huku Njoro. Faili ya malipo ya mwezi imepotea, imebaki picha ya karatasi tu, maandishi madogo sana na vistari kila mahali. Nikichapa upya kwenye Ekseli na jumla za chini zilingane, naweza kulipa watu, ama lazima nirudie kusoma kila mstari?"

Wanaotegemea jumla wana hoja nzito. Jumla zilizo chini ya karatasi zilipigwa na kompyuta kabla ya picha kupigwa, kwa hiyo hazikupitia macho ya anayechapa leo. Ukikosea tarakimu moja tu, jumla inakataa palepale. Tena haikatai tu, inakuonyesha aina ya kosa.

Tuchukue karatasi ya wanachama 38. Safu A ni namba, B jina, C lita, D fedha kwa bei ya shilingi 45 kwa lita, E makato ya chakula cha ng'ombe na madawa, F baki anayolipwa mtu. Karatasi inasema jumla ya lita ni 6,214. Karani amemaliza kuchapa, Ekseli inampa 6,264. Tofauti ni 50 kamili. Tofauti ya namna hiyo, tarakimu moja ikifuatwa na sifuri, mara nyingi ni tarakimu moja iliyosomwa vibaya, na hapa iko kwenye safu ya makumi, imezidi kwa 5. Kwenye maandishi madogo jibu la kwanza la kutafuta ni 3 iliyogeuka 8, kwa sababu kistari cha jedwali kikipita karibu na tarakimu kinaziba mianya ya 3 na jicho linaona duara mbili. Unapitia safu ya lita ukitazama zile zenye 8 kwenye makumi tu. Ni chache. Mwanachama wa 17 ameandikiwa 188, na ukikuza picha unaona ni 138.

Tofauti nyingine zina tabia zake. Ikigawanyika kwa 9, kama 36, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, mfano 1,348 iliyochapwa 1,384. Ikiwa ni 1,000 kamili kwenye safu ya makato, tazama kama kistari cha kushoto cha kisanduku kimesomwa kuwa 1, na makato ya 450 yakawa 1,450. Alama hizi husaidia kosa likiwa moja. Yakiwa matatu kwenye safu moja, tofauti inakuwa mchanganyiko usiosema lolote, na ndiyo maana ni vyema kupiga jumla kidogo kidogo kila picha au karatasi inapokuwa na jumla za kati.

Kuna pia kosa ambalo halitoki kwenye jicho. Programu ya simu inayosoma jedwali kutoka kwenye picha inaweza kuweka herufi O mahali pa sifuri, au kuacha nafasi katikati ya namba. Ekseli inakihesabu kisanduku hicho kuwa maandishi, na `SUM` inakiruka bila kulalamika. Kwa kawaida utakitambua kwa kuwa kimeegemea kushoto wakati wenzake wameegemea kulia. Kipimo cha haraka ni `=COUNT(C2:C39)`, ambayo kwa wanachama 38 wote waliopeleka maziwa lazima itoe 38.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema jumla zinatosha. Mimi sikubali, na sababu ni makato.

Safu ya makato ina nafasi tupu, kwa sababu si kila mtu alichukua chakula kwa mkopo mwezi huo. Kwenye picha ya maandishi madogo, iliyopigwa kwa pembeni kidogo, mistari haiko mlalo kamili: upande wa kulia imepanda. Jicho likitoka kwenye jina kwenda kwenye makato, linaweza kutua mstari mmoja chini ya unaotakiwa. Sema mwanachama wa 22 hana makato, wa 23 ana 1,500, wa 24 ana 800 na wa 25 ana 2,150. Karani akajaza 1,500 kwa wa 22, 800 kwa wa 23, 2,150 kwa wa 24, akafika wa 25 akaacha wazi. Namba zote zimo, hakuna iliyosomwa vibaya. Jumla ya makato inatoka 61,850, sawasawa na karatasi. Karani aliyekuwa akingoja jumla zilingane anafunga faili hapo, na mtu ambaye hakukopa chochote anakatwa shilingi 1,500.

Anayesema tusome kila mstari upya anaogopa hilo, na ana haki. Lakini dawa yake ina udhaifu. Macho yaliyosoma 188 mara ya kwanza yataisoma 188 tena, hasa saa ya kuchoka, na watu wawili wakitazama picha ileile yenye ukungu wanaweza kukubaliana kwa kosa lilelile. Kwa mistari 38 yenye safu nne za namba ni visanduku 152. Kuvisoma vyote kwa sauti inawezekana, ila umakini wa kisanduku cha 140 si ule wa cha 10.

Kinachonishawishi ni kwamba karatasi ya malipo imebeba ushahidi wake ndani ya kila mstari. Lita mara 45 lazima zilete fedha. Fedha kutoa makato lazima zilete baki. Kwa hiyo chapa safu zote kama zilivyo kwenye picha, hata zile ambazo Ekseli ingeweza kukuhesabia, kisha pembeni weka safu mbili za kujaribu na uziburute mpaka mstari wa mwisho:

```
=C2*45-D2
=D2-E2-F2
```

Mstari ulio sawa unatoa sifuri mara mbili. Mwanachama wa 17 mwenye 188 anatoa 2,250 kwenye jaribio la kwanza, kwa kuwa fedha zake kwenye karatasi ni 6,210, na 6,210 gawanya kwa 45 ni 138. Hujatafuta popote, mstari umejitaja wenyewe. Wale wanne wa makato nao wanajitokeza pamoja. Wa 22 alistahili baki ya 3,330, jaribio lake linatoa hasi 1,500. Wa 23 linatoa 700, wa 24 hasi 1,350, wa 25 linatoa 2,150. Ukizijumlisha hizo nne unapata sifuri, na ndiyo sababu jumla ya chini ilinyamaza. Ukiona makosa yamejipanga mfululizo namna hiyo na yanafutana, usitafute tarakimu iliyosomwa vibaya. Tafuta kisanduku kitupu kilichorukwa.

Kipimo hiki chenyewe kinaweza kukutisha bure. Kama kituo kinapima maziwa kwa desimali lakini karatasi ikachapishwa bila desimali, lita 138.4 zitaonekana 138 huku fedha zikiwa 6,228. Jaribio litatoa hasi 18. Ukikuta karibu mistari yote ina tofauti ndogo isiyozidi shilingi 22.50, yaani nusu lita kwa bei ya 45, hapo ni desimali zilizofichwa. Jumla ya lita nayo inaweza kupishana na karatasi kwa lita kadhaa bila mtu yeyote kukosea. Mstari wenye tofauti ya 2,250 katikati ya tofauti za 18 na 9 bado unaonekana wazi.

Na mara nyingine jumla ya karatasi ndiyo inayojua zaidi yako. Ukikuta safu zote nne zimepungua kwa pamoja, lita 62, fedha 2,790, makato 400 na baki 2,390, tazama kwamba 62 mara 45 ni 2,790, na 2,790 toa 400 ni 2,390. Hayo ni malipo ya mtu mzima aliyekosekana. Angalia kwanza kama namba za wanachama zinaruka kutoka 30 kwenda 32, au kama mkunjo wa karatasi umemeza mstari. Kama si hivyo, inawezekana aliyetengeneza faili alificha mstari kabla ya kuchapisha. `SUM` huendelea kuhesabu mstari uliofichwa, kwa hiyo pesa zinabaki kwenye jumla na jina halionekani. Hilo karani hawezi kulitatua kwa picha. Linarudi kwa mweka hazina.

Hapa kuna kishawishi ninachokipinga kwa nguvu zote: kurekebisha kisanduku kimoja ili jumla ikubali. Kama tarakimu haisomeki, unaruhusiwa kuihesabu kutoka kwa wenzake wa mstari huo, mradi ukipake kisanduku rangi ili anayelipa ajue namba hiyo imehesabiwa, haikusomwa. Na kama karatasi yenyewe imekosea, mfano baki imechapishwa 3,520 wakati fedha na makato vinadai 3,250, acha 3,520 kama ilivyo na uandike pembeni kwamba haikubaliani. Kazi yako ni kurudisha karatasi iliyopotea. Kusahihisha malipo ni uamuzi wa kamati. Wapo makarani wazuri wanaosema ni kupoteza muda kuhifadhi kosa ambalo kila mtu analiona, lakini mwanachama akija na nakala yake ya zamani, faili inayofanana na nakala ile ndiyo itakayomaliza ubishi.

Basi kusoma kwa sauti kunabaki na nafasi gani? Nafasi moja, na ni muhimu. Hesabu zote nilizotaja haziwezi kujua jina. Mstari mzima wa namba, lita mpaka baki, ukikaa mbele ya jina la jirani yake, majaribio yote yatatoa sifuri na jumla zote zitalingana. Namba za simu za kuwatumia watu pesa, kama zimo kwenye karatasi, hali kadhalika, hakuna jumla inayozilinda. Kwa hiyo mtu mmoja ashike picha iliyokuzwa, mwingine ashike faili, na wasome vitu vitatu tu kwa kila mstari: namba ya mwanachama, jina na baki. Anayesoma atoke kwenye picha, si kwenye faili, na aweke rula juu ya kioo ikiwa mistari imepinda. Kisha namba za simu zisomwe peke yake, tarakimu mbili mbili.

Kama bado unaweza kuifikia karatasi yenyewe, ipige picha upya kabla ya yote hayo. Ilaze mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake sawasawa, nusu ya juu kwanza halafu nusu ya chini, na mistari mitatu au minne ionekane kwenye picha zote mbili. Aliyeko mbali akikutumia kwa Wasapu, mwambie aitume kama hati badala ya picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa njiani na 3 za maandishi madogo ndizo za kwanza kuharibika.