Mafahali wawili kwenye mzigo mmoja: nani huamua mwelekeo ndani ya seli?

Ukikifuatilia kwa hadubini kifuko kimoja kinachosafiri ndani ya seli ya neva iliyo hai, utakiona kikisitasita. Kinakwenda mbele mikromita moja au mbili, kinasimama, kinarudi nyuma kidogo, kinasimama tena, halafu kinaondoka kama kilichokumbuka kilikotumwa. Kisichoonekana ni kwamba juu ya kifuko hicho zimeng'ang'ania mota, yaani protini zinazotembea na kubeba mizigo, za aina mbili kwa wakati mmoja, moja ya kuelekea mbele na nyingine ya kurudi nyuma. Wenyewe tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wanakaa, na watafiti wamebishana kwa zaidi ya miaka ishirini juu ya namna wanavyokaa: je, wanavutana mpaka mwenye nguvu ashinde, au kuna anayewaamrisha zamu?

Kwanza tuiangalie barabara yenyewe. Mikrotubuli ni mirija iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini, yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi. Matofali yake yamepangwa yote yakitazama upande mmoja, kwa hiyo kila mrija una ncha chanya na ncha hasi, na mota inajua iko wapi kwa kuyakanyaga matofali hayo tu. Katika aksoni, ule mkono mrefu wa seli ya neva, karibu mirija yote imeelekeza ncha chanya mwishoni mwa mkono. Kinesini hutembea kuelekea ncha chanya, yaani kutoka kwenye mwili wa seli. Daineini huelekea ncha hasi, yaani nyumbani.

Nyuzi za aktini nazo zina mwelekeo, na mota yake ni miosini, lakini ni njia za mitaani: fupi, nyingi zikiwa karibu na utando wa seli, zinazofaa kwa hatua za mwisho za kufikisha mzigo. Nyuzi za kati, zenye unene wa nanomita 10 hivi, hazina mota hata moja. Sababu ni rahisi na mimi naiona nzuri sana: vipande vyake hupangwa nusu vikitazama upande mmoja na nusu upande wa pili, kwa hiyo ncha zake zinafanana, na mota iliyokanyaga juu yake isingejua mbele ni wapi. Ndani ya neva nyuzi hizi zenyewe ni mizigo. Mwaka 2000 zilirekodiwa zikikimbia juu ya mikrotubuli kwa vipindi vifupi kisha kupumzika kwa muda mrefu, na ndiyo maana wastani wa mwendo wao ni mdogo mno.

Turudi kwa mafahali wetu. Kinesini iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, waliokuwa wakichunguza aksoni nene ya ngisi. Ina miguu miwili, hupiga hatua za nanomita 8, na kila hatua hutumia molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli. Ukitaka kuizuia isisogee, itabidi uivute nyuma kwa pikonyutoni sita hivi, kipimo cha nguvu ndogo mno. Daineini ya wanyama, ikipimwa peke yake, ni dhaifu: pikonyutoni moja au mbili zinatosha kuisimamisha, na hatua zake hutofautiana, nyingine za kando, nyingine za kurudi nyuma.

Hapo ndipo hoja ya kuvuta kamba inapoanzia. Kama kinesini moja ina nguvu ya daineini nne, tano au sita, basi mzigo wenye kinesini moja na kundi la daineini uko kwenye mizani. Mota hushika mrija na kuachia bila kupangwa. Ikitokea daineini mbili zimeachia kwa pamoja, zilizobaki zinaelemewa, nazo zinaachia upesi zaidi, na upande ule unaanguka wote kwa mkupuo. Mzigo unatimka upande wa kinesini mpaka bahati igeuke. Mwaka 2008 Melanie Müller, Stefan Klumpp na Reinhard Lipowsky walionyesha kwa hesabu kwamba uvutano wa namna hiyo, usio na msimamizi yeyote, hutoa mienendo ileile tunayoiona: mbio za upande mmoja, kusimama, na kugeuka ghafla.

Mwaka uliofuata kundi la Roop Mallik, huko Mumbai, lilileta ushahidi wa macho. Walitazama endosomu, vifuko vya vitu vilivyomezwa na seli, za kiumbe mdogo wa udongoni mwenye seli moja. Kabla ya kugeuka, endosomu ilipunguza mwendo na kurefuka, ikavutika kama unga uliokandwa na kushikwa na mikono miwili, kisha ikaelekea upande wa pili. Mzigo haurefuki kama hauvutwi pande zote mbili. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote wa upande huu, kwa sababu hauhitaji kuamini hesabu za mtu. Nguvu imeacha alama kwenye umbo la mzigo.

Sasa tuusikilize upande wa pili. Katika mchezo wa kuvuta kamba, ukimdhoofisha mmoja, mwenzake hunufaika. Hilo ni tabiri ambalo nadharia haiwezi kulikwepa, na lilikuwa limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1990 Scott Brady na wenzake walitia kwenye aksoni ya ngisi kingamwili inayoizuia kinesini. Mizigo iendayo mbele ilipungua, kama ilivyotegemewa. Lakini irudiyo nyuma nayo ilipungua. Baadaye, kwenye viinitete vya inzi wa matunda, matone ya mafuta yaliyodhoofishwa daineini yalisafiri vibaya pande zote mbili. Ni kama kumfunga mikono mchezaji wa timu moja, ukakuta timu pinzani nayo imeshindwa kuvuta.

Wanaotetea uvutano wana jibu: pengine mota moja inamsaidia mwenzake kubaki karibu na mrija, au mzunguko mzima wa safari umevurugika kwa kuwa mizigo isiyofika mwisho wa aksoni haipo ya kurudishwa. Hoja hiyo ya pili ina uzito kwenye majaribio ya siku nyingi. Haina uzito kwenye jaribio la dakika chache juu ya mizigo iliyokuwa tayari njiani.

Halafu kuna hesabu ambayo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe. Aksoni inayotoka chini ya uti wa mgongo hadi kwenye vidole vya mguu ina urefu wa mita moja hivi. Mzigo unaokwenda mikromita moja kwa sekunde bila kugeuka utafika kwa sekunde milioni moja, yaani siku kumi na moja na nusu. Sasa tuseme mafahali wana nguvu sawa kabisa, na kila sekunde mzigo unakwenda mikromita moja mbele au nyuma kwa bahati. Mwendo wa bahati nasibu huhitaji hatua nyingi kwa kipeo cha pili cha umbali: milioni moja mara milioni moja. Hizo ni sekunde trilioni, zaidi ya miaka elfu thelathini. Ukiipa kinesini upendeleo, ishinde mara sita katika kila kumi, maendeleo halisi yanakuwa sehemu ya tano ya mikromita kwa sekunde, na mzigo unafika baada ya siku 58. Kwa hiyo uvutano peke yake haushindwi na safari, mradi uwe na mwelemeo. Ila mwelemeo huo unatoka wapi, na unageuzwaje mzigo ukifika? Nadharia ya uvutano haisemi. Inauchukua kama namba iliyoletwa kutoka nje.

Namba hiyo inaletwa na protini viunganishi, zile zinazozifunga mota kwenye mzigo. Kinesini isiyo na kazi hujikunja, mkia ukaifungia miguu isitumie ATP bure. Kiunganishi kiitwacho JIP1 kinaweza kuufungua mkia huo, na hichohicho kinaweza kushikana na dainaktini, msaidizi mkuu wa daineini. Mwaka 2013 Meng-meng Fu na Erika Holzbaur walionyesha kwamba kundi moja la fosfati, kwenye asidi amino ya 421 ya JIP1, linatosha kuelekeza: likiwepo, mzigo huelekea mbele, lisipokuwepo, hurudi nyuma. Hakuna mota iliyoongezwa wala kupunguzwa. Dalili kama hiyo ilikwisha kuonekana kwenye vifuko vya kukusanya taka vinavyoundwa mwishoni mwa aksoni. Mwanzoni huyumba pande zote mbili, kisha huanza safari ndefu ya kurudi bila kusita, ilhali kinesini bado zimo juu yake. Zimebebwa kama abiria.

Mwaka 2014 jambo jingine likaiyumbisha mizani yenyewe. Daineini iliyounganishwa na dainaktini pamoja na kiunganishi BICD2 iliacha udhaifu wake na kutembea mikromita kadhaa bila kuachia. Miaka miwili baadaye mkusanyiko huo ulipimwa nguvu, ukafika pikonyutoni zaidi ya nne. Huyo si mpinzani wa kushindwa kwa wingi tu. Mmoja mmoja anaikabili kinesini. Kwa hiyo zile hesabu za mwanzo zilizotegemea daineini dhaifu nyingi ziliegemea mota iliyopimwa ikiwa nusu, bila vifaa vyake.

Je, uvutano basi si kitu? Hapana, na jaribio ninaloliona la haki kwa pande zote ni la mwaka 2012, la kundi la Samara Reck-Peterson. Walijenga mzigo bandia kwa DNA iliyokunjwa, wenye nafasi maalumu za kufungia kinesini na daineini kwa idadi waliyoitaka, bila kiunganishi chochote cha kuamua. Walipofunga za aina zote mbili, mizigo mingi ilikwama pale pale. Walipoikata kwa leza minyororo iliyoshikilia aina moja, aina iliyobaki ikaondoka na mzigo. Kumbe mota hizo huvutana kweli zikiachwa zenyewe, na matokeo yake ni kukwama zaidi kuliko zile mbio za kupokezana zinazoonekana kwenye seli hai.

Ndiyo maana naegemea upande wa viunganishi kwa mizigo ya safari ndefu, na nauachia uvutano mahali ambapo kutangatanga ni sehemu ya kazi: endosomu inayotafuta wenzake wa kuungana nao haijali ikienda na kurudi. Na hata kwenye aksoni, pale kiunganishi kinapobadilisha zamu, naamini kuna muda mfupi ambapo wote wawili wameshika. Muda huo unaweza kutafutwa kwa njia ileile ya Mumbai, kwa kutazama kama kifuko kinarefuka kabla ya kugeuka. Kikigeuka kikiwa mviringo, ameachia mmoja kabla mwenzake hajashika. Kikirefuka, tumewakuta wakivutana.