City Water: kosa lipo, fidia hakuna

"Kama serikali ilikutwa na kosa, mbona haikulipa hata senti?"

Swali hilo linahusu kesi ya City Water, kampuni ya maji, dhidi ya serikali ya Tanzania. Ukitaka kuelewa, anza na siku moja: 1 Juni 2005. Siku hiyo serikali ilichukua ofisi na mitambo ya City Water jijini Dar es Salaam, na mameneja watatu wa kigeni wakafukuzwa nchini. Kampuni ilikuwa imekodishiwa huduma ya maji ya jiji kwa miaka 10, na haikumaliza hata miwili.

Mwenye hisa nyingi, Biwater Gauff, aliushika mkataba wa 1994 wa kulinda vitega uchumi kati ya Tanzania na Uingereza, akafungua shauri ICSID, kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mkataba ule haukatazi kutaifisha. Unataka iwe kwa manufaa ya umma, bila ubaguzi, na mwenye mali alipwe thamani halisi ya mali yake kama ilivyokuwa kabla ya kunyang'anywa.

Hukumu ya baraza la usuluhishi ilitoka Julai 2008. Kumwondoa mpangaji anayeshindwa kazi ni haki ya mwenye mali, lakini taratibu za kusitisha mkataba zina hatua zake, na serikali haikuzisubiri. Waziri alitangaza hadharani, ofisi zikachukuliwa, watu wakapelekwa uwanja wa ndege. Huko, baraza likasema, ni kutaifisha.

Mwekezaji alianguka kwenye hesabu ya fidia. Zabuni yake ilikuwa dhaifu, makusanyo ya bili hayakufikia matarajio, na alikuwa ameacha kulipa pango la mitambo. Mkataba wa kukodishiwa huduma ulikuwa unakufa hata bila polisi kufika. Kilichochukuliwa kilikuwa na thamani ya sifuri. Kila upande ukabeba gharama za mawakili wake, na kwa Tanzania huo ndio ushindi ulivyokuwa: wa kulipia.

Watetezi wa mfumo huu watauliza: bila baraza la nje, meneja aliyefukuzwa angelalamika kwa nani? Wana hoja. Wapinzani nao wanaona kwamba mwekezaji ndiye anayeishtaki nchi, na ni nadra sana nchi kumshtaki yeye. Hoja hii naiona nzito zaidi, ingawa kwa City Water serikali ilijikwaa kwa pupa yake yenyewe.

Ila sifuri si kawaida. Huko Nachingwea, kampuni ya Indiana Resources ilikuwa na leseni ya kuhodhi eneo lenye nikeli. Mgodi haukuwa umejengwa. Mabadiliko ya sheria ya madini yakafuta leseni za aina hiyo, na Julai 2023 baraza likaamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, riba ikiwemo. Mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana milioni 90.