Sura ya mbinu katika tasnifu ya kilimo: kufanana kwa maneno ni wizi?

Ripoti ya ufanano inaporudi kutoka kwenye programu kama Turnitin, sura ya tasnifu ya kilimo ambayo mara nyingi hujaa rangi ni ya mbinu za utafiti. Mwanafunzi aliyepima kaboni ya mboji, naitrojeni na fosforasi amefuata taratibu zilezile walizofuata maelfu ya watu kabla yake, kwa vipimo vilevile na kwa mpangilio uleule. Hapo mabishano huanza. Wapo wanaoshikilia kwamba sentensi yoyote iliyochukuliwa kwa mwenzako bila alama za kunukuu ni wizi wa kitaaluma, iwe inazungumzia nadharia au kiasi cha asidi kilichomiminwa kwenye chupa. Wapo pia wanaosema kwamba utaratibu wa maabara si wazo la mtu wala si mapambo ya lugha, na kwamba kumlazimisha mwanafunzi aubadilishe maneno ni kumsukuma aharibu maelezo yaliyokuwa sahihi.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934, ambayo bado hutumika sana kupima kaboni ya mboji katika udongo. Mwongozo wa maabara unaweza kusema hivi: gramu 1 ya udongo uliosagwa na kupita kwenye chekeche la milimita 0.5 iliwekwa kwenye chupa. Ikaongezwa mililita 10 za potasiamu daikromati ya normali 1 na mililita 20 za asidi ya salfuriki iliyokolea. Mchanganyiko ukaachwa dakika 30 kabla ya kuongezewa maji. Mwanafunzi anayeogopa ripoti ya ufanano huigeuza kuwa hivi: gramu moja ya ardhi iliyopondwa na kuchujwa ilitiwa kwenye chombo, ikamiminiwa mililita 10 za daikromati na mililita 20 za asidi kali ya salfuriki, kisha ikapumzishwa kwa nusu saa.

Programu huenda ikaridhika, lakini mtu wa maabara hawezi kuridhika. Ukubwa wa matundu ya chekeche umepotea, na kuchekecha kumekuwa kuchuja, ambako ni kazi nyingine kabisa. Nguvu ya daikromati haijulikani tena, kwa hiyo hesabu ya kaboni haiwezi kurudiwa na msomaji. Kosa kubwa zaidi liko kwenye asidi. Asidi ya salfuriki huitwa kali hata ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, ilhali njia hii inategemea joto linalozuka pale asidi iliyokolea inapokutana na maji ya daikromati. Joto hilo ndilo linalosukuma kaboni ioksidike bila chupa kuwekwa juu ya moto. Anayesoma maelezo yale mapya na kutumia asidi iliyozimuliwa atapata kaboni ndogo kuliko iliyopo. Mwanafunzi hakuiba sentensi, lakini ameandika njia isiyofanya kazi. Juu ya hayo, kama hakumtaja aliyeandika mwongozo, bado amechukua kazi ya mtu, kwa kuwa mfuatano wa mawazo na muundo wa sentensi ni uleule uliovishwa maneno mengine.

Mtego huo unajirudia kwenye fosforasi, tena kwa madhara makubwa zaidi kwa hitimisho la tasnifu. Njia ya Bray na Kurtz ya mwaka 1945 hukadiria fosforasi ambayo mmea unaweza kuipata, na hufaa kwa udongo wenye tindikali. Kwa udongo wenye chokaa wengi hutumia njia ya Olsen. Mtu akibadilisha “fosforasi inayopatikana kwa mmea” kuwa “fosforasi iliyomo kwenye udongo” ili tu asifanane na chanzo, amehama kutoka sehemu ndogo inayoyeyuka kwenda kwenye jumla yote. Viwango hivyo viwili hutofautiana kwa mbali sana, na ushauri wa mbolea unaojengwa juu ya kimoja hauwezi kusimama juu ya kingine. Istilahi za namna hii hazibadilishwi, wala hakuna sababu ya kuziwekea alama za kunukuu. Ni mali ya fani nzima.

Kufikia hapa ingeonekana kwamba wanaotaka kulegeza kamba wameshinda. Sidhani hivyo, ingawa sababu yangu si ile inayotajwa zaidi. Upande wa kwanza hujitetea kwa hoja ya haki ya mwandishi, na katika sura ya mbinu hoja hiyo ni dhaifu: aliyeandika mwongozo alitaka ufuatwe. Hoja yao nzito, ambayo mara nyingi hawaisemi, ni kwamba anayenakili maelezo ya njia hunakili pia vitendo ambavyo yeye hakuvifanya. Maandishi ya chanzo yanasema udongo ulichukuliwa kina cha sentimita 0 hadi 20, naye alichimba hadi 15. Yanasema kila kipimo kilirudiwa mara tatu, naye maabara ilimpa namba moja kwa kila sampuli. Hapo tumeshatoka kwenye wizi wa maneno na kuingia kwenye taarifa ya uongo kuhusu utafiti, jambo ambalo programu ya ufanano haina namna ya kuliona.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa tatizo. Njia ya Walkley na Black haioksidishi kaboni yote. Kwa wastani hufikia robo tatu hivi, ndiyo maana wengi huzidisha jibu kwa kigezo cha karibu 1.3. Baada ya hapo, anayetaka kiasi cha mboji huzidisha kaboni kwa 1.724, kwa dhana kwamba asilimia 58 ya mboji ni kaboni. Tuseme maabara imetoa asilimia 1.2. Ikiwa namba hiyo haijarekebishwa, kaboni ni asilimia 1.56 na mboji ni takriban 2.7. Ikiwa maabara ilikwisha kuirekebisha, kaboni inabaki 1.2 na mboji ni takriban 2.1. Mwanafunzi aliyenakili aya inayotaja kigezo cha 1.3 bila kuuliza maabara ilifanya nini ameahidi jambo asilolijua, na msomaji hatajua ni ipi kati ya namba hizo mbili aiamini. Nimeona wasimamizi wakibishana kuhusu asilimia za ufanano huku swali hili dogo likipita bila kuulizwa.

Kwa hiyo kufafanua kwa maneno yako, katika sura hii, ni kuandika upya kutoka kwenye daftari lako la maabara na la shambani, si kutoka kwenye sentensi ya mwingine. Njia inayojulikana hutajwa kwa jina na chanzo chake, kisha nafasi inatumika kueleza yale yaliyofanyika kwako. Kwa mfano: “Kaboni ya mboji ilipimwa kwa njia ya Walkley na Black (1934) kwa kufuata hatua za mwongozo wa maabara, isipokuwa kwamba kwa sampuli za bondeni ilitumika gramu 0.5 ya udongo badala ya gramu 1, kwa sababu mchanganyiko uligeuka kijani, ishara kwamba daikromati ilikuwa imekwisha. Majibu yalizidishwa kwa 1.3 baada ya maabara kuthibitisha kwamba hayakuwa yamerekebishwa.” Mwongozo nao hutajwa kwa mwandishi na mwaka wake. Aya kama hii ni fupi kuliko ile ya kunakili, haina cha kufanana nacho, na hakuna anayeweza kuiandika isipokuwa mtu aliyekuwa mbele ya chupa ile au aliyekwenda kuuliza.

Njia hii ya kufupisha ina mpaka wake. Mtahini anaweza kutaka hatua zote ziandikwe, na utaratibu uliobadilishwa sana hauwezi kufichwa nyuma ya jina la mtu wa mwaka 1934. Katika hali hizo ni heri hatua kamili ziwekwe kwenye kiambatisho, zikitanguliwa na sentensi inayosema wazi kwamba zimechukuliwa kutoka mwongozo fulani, kwa ukurasa wake. Vipimo na istilahi vibaki kama vilivyo. Ufanano utakaoonekana hapo una maelezo yake, na msimamizi makini ataupita bila wasiwasi, kwa kuwa asilimia ya ufanano huonyesha maandishi yanayolingana tu. Kama ni wizi au si wizi huamuliwa na mtu.

Linabaki suala la nani hasa atajwe. Desturi humtaka mwanafunzi ataje waasisi wa njia, naye huandika Walkley na Black (1934) au Bray na Kurtz (1945) ingawa hajawahi kufungua makala hizo. Alichosoma ni mwongozo, au tasnifu ya mtangulizi wake. Wanaotetea desturi hii husema mwasisi anastahili heshima yake na kwamba jina lake ndilo linaloitambulisha njia. Ni kweli. Lakini rejeleo ni tamko pia kwamba mwandishi amesoma kile anachokitaja, na tamko hilo linapokuwa la uongo huacha alama. Unakuta tasnifu inayosema kaboni ilisomwa kwa rangi kwenye spektrofotomita “kwa njia ya Walkley na Black (1934)”, ilhali wao walipima daikromati iliyobaki kwa titresheni. Unakuta pia namba ya ukurasa iliyokosewa ikirithiwa kutoka tasnifu hadi tasnifu, kwa sababu kila mmoja aliichukua kwenye orodha ya mwenzake. Suluhisho lipo katika mitindo mikuu ya urejeleaji: mtaje mwasisi, kisha useme “kama ilivyoelezwa na”, ukitaja chanzo ulichokisoma. Katika orodha ya marejeleo kiingie kile ulichokuwa nacho mkononi. Wasimamizi wengine huona jambo hili kuwa unyonge wa kitaaluma. Mimi naona kinyume chake, maana ndilo linalomwezesha msomaji kujua ni toleo gani la njia lililotumika.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wana kishawishi cha ziada. Programu mara nyingi haitagundua aya iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka makala ya Kiingereza, na asilimia ya ufanano itatoka ndogo na safi. Aya hiyo bado ni ya mtu mwingine, tena imebeba kina chake cha udongo, idadi yake ya marudio na kigezo chake cha marekebisho. Hali kadhalika pendekezo la utafiti linalohamishiwa kwenye tasnifu kwa kubadilisha njeo tu: “sampuli zitachukuliwa” inakuwa “sampuli zilichukuliwa”. Maneno ni ya mwanafunzi mwenyewe na kwa kawaida hakuna atakayemlaumu kwa wizi, lakini pendekezo liliandikwa kabla mvua haijachelewa na kabla vitalu viwili havijaliwa na mifugo. Msimamizi anayetaka kujua kama sura ya mbinu ni ya kweli ana kipimo rahisi kuliko programu yoyote: aombe daftari la shambani na majibu ya maabara yenye mhuri, kisha avisome sambamba na aya hizo, namba kwa namba.