Bi harusi asiyetabasamu: uso unaficha au unasema?

Kwenye harusi nyingi hapa Tabora, bi harusi huingia ukumbini kainamisha kichwa, uso umetulia, huku mshehereshaji akimsihi acheke japo kidogo. Shangazi zake hawashtuki. Akichekacheka, ndipo watakaponong'onezana kwamba mtoto huyu alikuwa na haraka ya kuondoka kwao.

Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Kimarekani, angesema furaha ipo na sura yake ni ileile duniani kote, ila mila imemfundisha binti kuizuia. Mwaka 1971, yeye na mwenzake Wallace Friesen walichapisha utafiti wao kwa Wafore wa Papua New Guinea. Mtu alisimuliwa kisa kifupi, mfano wa mzazi aliyefiwa na mtoto, kisha akachagua picha moja kati ya tatu za nyuso. Wengi walichagua kama Wamarekani, isipokuwa hofu, ambayo waliichanganya na mshangao.

Kuhusu kuzuia hisia, ushahidi wao mkuu ni wanafunzi wa Kijapani na Kimarekani walioonyeshwa filamu za kutisha huku wakirekodiwa kwa siri. Walipokuwa peke yao, nyuso zilifanana. Alipokuwepo mtafiti, Wajapani walitabasamu zaidi.

Ushahidi huo una nguvu, lakini mwanasaikolojia mwingine, Alan Fridlund, aliuhoji vizuri: unajuaje tabasamu lile lilifunika karaha, na si adabu tu ya kumjibu mkubwa anayekuhoji? Kwake uso ni ujumbe kwa aliye mbele yako. Na ile njia ya picha tatu nayo ina mtego, kwa sababu anayechagua anaweza kupatia kwa kuondoa tu zisizofaa. Wahadzabe wa huku kwetu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walipata shida pale picha zilipokuwa za hisia zinazokaribiana. Hukohuko Papua New Guinea, vijana wa visiwa vya Trobriand waliiona sura tunayoambiwa ni ya hofu kuwa ya mtu anayetishia.

Kinachonisumbua kwa upande wa Ekman ni wepesi wa kujiokoa. Nyuso zikifanana, hisia ni za wote. Zikitofautiana, mila imezificha. Nadharia isiyoweza kushindwa naiogopa kidogo. Fridlund naye ana deni la namna hiyohiyo: Wajapani waliokunja nyuso wakiwa peke yao walikuwa wanamwambia nani? Jibu lake, kwamba hata mpweke huwa na msikilizaji kichwani, linakwepa vilevile.

Kwa bi harusi wetu, ningemtazama saa moja kabla, chumbani na mashoga zake. Akicheka pale na kutulia ukumbini, pande zote mbili zitadai ushindi, maana wasikilizaji wamebadilika pamoja na kanuni za mila. Kinachoweza kuzitenganisha ni uso wenyewe pale mlangoni: tabasamu lililoanza likakatishwa, midomo ikibanwa ghafla, lingempa nguvu Ekman. Uso uliotulia tangu mwanzo, bila dalili ya kupigana na kitu, ungenisogeza kwa Fridlund, na kwa harusi nilizohudhuria huo ndio ninaouona mara nyingi zaidi.