VAT haijirudii kwenye kila duka

“Kila muuzaji akiongeza asilimia 18, mlaji analipa VAT mara tatu.” Sivyo, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Kiwanda cha Tanzania Bara kikiuza sabuni kwa shilingi 100,000, kinaongeza 18,000. Muuza jumla akiiuza 120,000, anatoza 21,600, anatoa zile 18,000 alizolipa kiwandani, anapeleka TRA 3,600 tu. Kinachoumiza ni risiti ya EFD isiyo na TIN na VRN yake kama mnunuzi: akikataliwa hizo 18,000, faida ya 20,000 inabaki 2,000! Duka lisilosajiliwa likinunua kwake, nalo haliwezi kudai kurudishiwa chochote. 21,600 zote zinaingia kwenye gharama ya mzigo. Wenzangu, huwa mnaisoma risiti kabla ya kupakia?